Ramani ya kina na ya kingo: kwa nini nyumba ya Mkomani haihami picha inapobadilishwa sura?

MchoraMkomani

Salaam aleikum jamaa. Leo naomba kueleweshwa, mipangilio peke yake hainitoshi.

Nina picha ya nyumba ya mawe huku Mkomani, Lamu. Orofa mbili, paa la makuti juu. Nimeipiga kwa simu kichochoroni, na vichochoro vyetu mnavijua, hakuna pa kurudi nyuma. Kwa hivyo ukuta umekaa upande, unaanza karibu kabisa na kamera na kukimbilia mbali. Mlango wa kuchonga uko ndani ya daka, na juu kuna madirisha manne ya vibao. Mwenye nyumba anataka kuona itakavyokuwa ikipakwa chokaa nyeupe upya, maana plasta ya sasa imebambuka vibaya.

Nikitumia Stable Diffusion 1.5 kwa njia ya kawaida ya picha kwa picha, `Denoising strength` ikiwa 0.4, plasta inabaki ileile, imepauka tu. Nikipanda hadi 0.75 chokaa inakuja nzuri mno, lakini madirisha yanakuwa matatu na daka linageuka tao la Kimoroko. Nikiongeza ControlNet mbili, moja ya ramani ya kina inayoonyesha kipi kiko karibu na kipi kiko mbali, nyingine ya ramani ya kingo, kwa 0.75 hiyohiyo, madirisha manne yanarudi pale pale na daka linabaki daka.

Swali: ramani hizo zinafanya nini humo ndani hata nyumba ikatulia? Picha yangu ina habari nyingi kuliko ramani ya kijivu au mistari myeupe kwenye weusi. Mbona yenyewe inashindwa?

Jambo la pili: ukutani kumezuka kitu kama mkanda wa plasta, umekwenda mshazari kutoka chini ya dirisha la pili mpaka juu ya daka. Nyumba haina kitu hicho.

---

KijanaWaShela

Wa aleikum salaam kaka. Panda `Control Weight` mpaka 2 kwa ramani zote mbili. Modeli inafuata ramani kwa kadiri ya uzito, ukiubana haina pa kutorokea. Mimi picha zangu za nyumba za wageni nazifanya hivyo na madirisha hayasogei hata kidogo.

---

NahodhaWaPikseli

Kijana, kuhusu uzito uko sawa nusu, nitalirudia hilo. Kwanza swali lenyewe.

Ni kweli picha ina habari nyingi kuliko ramani, ila habari hizo zimechanganyika. Pikseli zilezile zinazoonyesha ukomo wa dirisha ndizo zinazobeba ukungu na plasta iliyooza. Njia ya picha kwa picha haina namna ya kuchukua moja na kuacha jingine. Inaimwagia picha nzima kelele, halafu modeli inasafisha hatua kwa hatua ikielekea kwenye maneno uliyoandika. Kwa ratiba ya kelele ya SD 1.5, ukiweka 0.4 picha na kelele zinakaribiana nguvu, picha iko chini kidogo, kwa hivyo uchakavu wote unapenya. Ukiweka 0.75, nguvu ya picha inabaki kama robo tu ya nguvu ya kelele. Kinachosalia ni mabaka makubwa: huku kweupe, kule kweusi, juu kuna madoa ya giza. Modeli inayaona madoa hayo na kusema moyoni, hapa kuna madirisha, kisha inayapanga kama ilivyozoea kuona kwenye picha ilizofunzwa. Matatu yanakaa vizuri, basi inaweka matatu. Yaani ili ufute plasta mbovu ilikubidi ufute na dirisha pamoja nayo.

Ramani inavunja fungo hilo. Inatolewa kwenye picha safi kabla ya kelele yoyote, na yenyewe haimwagiwi kelele kamwe. Ukiweka hatua 20 kwa 0.75 zinakwenda 15, na katika kila moja ya hizo 15 ramani inaletwa upya, ileile, safi. Picha yako iliingia mara moja tu, mwanzoni, tena ikiwa imezama.

Namna inavyoingia nayo ina maana yake. Waliotunga ControlNet mwaka 2023, Lvmin Zhang, Anyi Rao na Maneesh Agrawala, waliifunga modeli ya awali isibadilike, wakachukua nakala ya nusu yake ya kwanza, ile inayoisoma picha, na hiyo nakala ndiyo wakaifundisha kusoma ramani. Matokeo ya nakala yanaongezwa kwenye nusu ya pili, ile inayochora. Yanaongezwa mahali kwa mahali: kilicho kona ya juu kushoto ya ramani kinaongezwa kona ya juu kushoto ya picha inayochorwa. Promti haina uwezo huo. Ukiandika "madirisha manne" hujasema yako wapi, na hata hiyo nne modeli inaishika kwa mashaka.

Na kwa kuwa ramani ya kina haina rangi wala plasta, haina la kusema juu ya chokaa. Hapo promti inabaki na uhuru wake wote. Ndiyo maana unapata ukuta mweupe mpya juu ya nyumba ileile.

Huo mkanda wa mshazari nao una chanzo. Ulipiga picha saa ngapi, na jua lilikuwa upande gani?

---

FundiChokaa

Ndugu zangu, mimi ni fundi, mambo ya kompyuta nafanyiwa na mwanangu. Nimefuata kwa makini kwa sababu nina nyumba Langoni ya kupaka chokaa. Mkisema hiyo ramani ya kina inajua umbali wa kila sehemu ya ukuta, basi naweza kupata urefu na upana wa ukuta nikajua nihitaji mifuko mingapi? Itaniokoa kupanda ngazi na futi.

---

NahodhaWaPikseli

Mzee wangu Fundi, hapana, na tafadhali usinunue chokaa kwa ramani hiyo. Ramani za kina za MiDaS, ambazo ndizo tunazotumia sana hapa, zinasema kipi kiko karibu kuliko kipi. Hazisemi ni mita ngapi. Picha moja ya simu haitoshi kujua kama unatazama nyumba kubwa iliyo mbali au ndogo iliyo karibu. Zipo modeli nyingine zinazokisia mita, lakini makisio yake si ya kununulia vifaa. Panda na futi.

---

MchoraMkomani

Nahodha, shukran, fungo limefunguka. Picha ilipigwa alasiri, jua kali. Nyumba ya pili yake ina ukingo wa paa unaotupa kivuli ukutani kwa mshazari… naona sasa unakoelekea.

---

NahodhaWaPikseli

Ndipo hapo hapo. Canny, ile inayochora ramani ya kingo, haijui ukuta wala kivuli, inajua tu pale mwanga unapobadilika ghafla. Ukitumia vizingiti vya 100 na 200, mabadiliko yanayozidi 200 yanachorwa, yaliyo kati yanachorwa kama yameungana na mstari wenye nguvu, yaliyo chini ya 100 yanatupwa. Jua la alasiri la Lamu kwenye ukuta mweupe linachora ukingo wa kivuli wenye nguvu kuliko ukingo wa kibao kilichopauka. Kwa hivyo kupandisha vizingiti hakusaidii, utapoteza madirisha kabla hujapoteza kivuli.

Modeli inapopewa mstari huo inalazimika kuupa maana. Uliandika chokaa mpya, hujaandika kivuli, basi ikaujengea mkanda wa plasta.

Fungua ramani ya kina uitazame palepale. Utaona kijivu kimepita laini bila kukatika, kwa sababu modeli za kina zimefunzwa kupuuza vivuli, na mara nyingi zinafaulu. Hiyo ndiyo njia ya kumtambua mwongo: mstari uliopo kwenye kingo na haupo kabisa kwenye kina, katikati ya ukuta tambarare, mara nyingi ni kivuli, doa au waya wa umeme. Chukua brashi nyeusi uufute kwenye ramani ya kingo kabla ya kuilisha. Ni kazi ya dakika chache, na hakuna mpangilio utakaokufanyia.

Sasa nirudi kwa Kijana. Uzito wa 2 kweli unaibana modeli. Lakini ramani ya kingo si umbo tupu. Ukuta wa Mchora umebambuka, mawe ya matumbawe yanaonekana, na kila ufa na kila tundu limo kwenye ramani kama mstari. Ukipandisha uzito unaiamuru modeli ihifadhi nyufa zilezile unazotaka zifunikwe. Nyumba zako za wageni zina kuta laini, hapo hapakuwa na cha kukuharibia.

---

KijanaWaShela

Hiyo ya nyufa sikuifikiria, nimekuelewa. Lakini basi kwa nini tusiache kingo kabisa? Kina peke yake hakina nyufa wala vivuli. Kinatosha.

---

NahodhaWaPikseli

Kwa daka kinatosha, kwa sababu daka limeingia ndani sana. Kwa madirisha ya mbali hakitoshi, na sababu inapatikana kwa hesabu ndogo.

MiDaS haihifadhi umbali, inahifadhi kinyume chake, yaani moja gawanya kwa umbali. Cha karibu zaidi kinapewa 255, cheupe. Cha mbali zaidi kinapewa 0. Tuseme kwenye picha ya Mchora ukuta unaanza mita 1.5 kutoka kwa kamera na kuishia mita 12, na dirisha limeingia ndani ya ukuta sentimita 20. Tulipe nafasi nzuri kabisa, tuseme linatazama kamera. Likiwa mita 3, tofauti kati ya uso wa ukuta na kibao ni kama ngazi 9 za kijivu kati ya 255. Inaonekana. Likiwa mita 10, tofauti haifiki hata ngazi 1. Dirisha la nne la Mchora halimo kwenye ramani ya kina. Kuna ukuta tu unaoingia giza.

Tena hesabu hiyo imechukulia MiDaS haikosei, na yenyewe hulainisha vitu vidogo. Ukikata sehemu ya karibu ya picha, ukuta ukaanzia mita 4 badala ya 1.5, dirisha lililo mita 10 linapata ngazi 3 hivi. Ni nafuu, lakini bado nyembamba.

Kwa hivyo kila moja ina kazi yake. Kina kinashika ukuta unaelekea wapi, daka limeingia wapi, baraza imetoka wapi. Kingo zinashika madirisha, hasa ya mbali ambayo kwa kina hayaonekani. Ninavyofanya mimi ni kukipa kina uzito mkubwa mpaka mwisho, na kingo uzito mdogo ambao unaachiliwa njiani:

```python
out = pipe(
    prompt, image=picha,
    control_image=[kina, kingo],
    strength=0.75,
    controlnet_conditioning_scale=[0.8, 0.5],
    control_guidance_end=[1.0, 0.6],
)
```

Hiyo 0.6 ina sababu. Hatua za mwanzo, kelele ikiwa nyingi, ndizo zinazoamua vitu vikubwa: ukuta uko wapi, matundu mangapi. Hatua za mwisho zinaweka ngozi ya ukuta. Kingo zikiondoka baada ya asilimia 60 ya safari, madirisha yameshakaa na hayana tena pa kwenda, na chokaa inapata nafasi ya kulainika juu ya zile nyufa. Anayetumia kurasa za kubofya atayaona mambo hayo kama `Control Weight` na `Ending Control Step`.

---

DadaRasimu

Naandika kutoka Malindi, ni msanifu majengo. Nahodha umeeleza vizuri, ila nina mawili.

Kwanza, watu wasichanganye kushika umbo la picha na kushika umbo la nyumba. Mchora amepiga picha kichochoroni akiinua simu, bila shaka mistari ya wima inakaribiana kuelekea juu. Ramani zote mbili zitauhifadhi upotovu huo kwa uaminifu mkubwa. Mwenye nyumba ataona nyumba yake kama simu ilivyoiona. Kuonyesha rangi ya chokaa ni sawa, lakini picha hiyo isiambatanishwe na maombi ya kibali kana kwamba ni mchoro wa vipimo. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na dirisha kuongezewa kimo kidogo kwenye picha linaweza kuwa dirisha lililovunjwa ukutani kesho.

Pili ni mlango. Umbo la daka lilibaki, sawa. Nakshi zilibaki?

---

MchoraMkomani

La, Dada. Fremu iko, mfaa wa katikati uko, lakini nakshi zimekuwa maua ya kubuni. Kwa mbali unadhani ni mlango wa Lamu, ukikaribia si wowote.

---

FundiChokaa

Mwanangu alitumia kitu kingine, kinachotafuta mistari iliyonyooka tu. Ilikuwa nyumba ya Langoni niliyoitaja. Nyufa hazikuchorwa, hilo zuri. Lakini ukuta wangu una tumbo katikati na kona imelala, na kwenye picha vimenyooka kama vilivyopigwa timazi. Kuta za mawe za zamani hazikai hivyo. Nilimwambia hii si nyumba yangu, akaniambia ni ileile.

---

NahodhaWaPikseli

Mzee Fundi, jicho lako liko sahihi. Hiyo ni M-LSD. Inafaa jengo la saruji lenye kona kali. Kwenye ukuta wa matumbawe, mstari uliopinda ama inauacha ama inaukata vipande vilivyonyooka, na modeli inakamilisha kwa kunyoosha. Kwa nyumba za Mkomani na Langoni bakini na Canny na brashi nyeusi.

Dada, la kwanza nakubaliana nawe neno kwa neno. La nakshi, tatizo ni ukubwa. SD 1.5 haichori kwenye pikseli, inachora kwenye turubai iliyopunguzwa mara 8 kila upande. Picha ya 768 kwa 1024 inakuwa vyumba 96 kwa 128, na ramani nayo inapunguzwa kiasi hichohicho kabla ya kuingia. Dirisha la pikseli 64 lina vyumba 8, linashikika. Mlango wa pikseli 90 una vyumba 11, kwa hivyo fremu na mfaa vinashikika. Lakini ua la nakshi lenye pikseli 5 halijazi hata chumba kimoja. Ramani inaweza tu kudokeza kwamba hapa kuna kitu kilichochongwa, na kilichochongwa vipi modeli inatunga.

Njia yangu: funika mlango kwa barakoa usichorwe kabisa, halafu urudishe pikseli za asili juu yake.

---

DadaRasimu

Nimeijaribu na hairidhishi. Mlango wa asili una mwanga wa alasiri ya siku ile, ukuta mpya una mwanga wa modeli. Chokaa mpya nyeupe ingerudisha mwanga ndani ya daka, mlango ungeng'aa kidogo upande wa chini. Barakoa inauacha mlango kwenye giza la zamani, unaonekana umebandikwa. Afadhali kuchora sehemu ya daka peke yake kwa ukubwa mara tatu, na kingo zake, halafu kuirudisha mahali pake.

---

NahodhaWaPikseli

Kwa ukubwa mara tatu ua la pikseli 5 linakuwa 15, takriban vyumba viwili. Litakaribia, lakini halitakuwa ua lilelile. Na mchongaji wa mlango ule alichonga ua moja mahususi. Kwa nyumba yenye mtu na historia nitavumilia mwanga usiolingana kuliko nakshi ya kubuni. Najua hatutakubaliana hapo.

Mchora, usiamini macho peke yake unapokagua. Toa Canny ya picha ya asili na ya mpya, uzilaze pamoja:

```python
a = cv2.Canny(asili, 100, 200)
b = cv2.Canny(mpya, 100, 200)
cv2.imwrite("kagua.png", cv2.merge([a, a*0, b]))
```

Picha zote mbili ziwe na ukubwa mmoja. Ya bluu ni mistari ya zamani iliyopotea, nyekundu ni iliyozuka, zambarau ni iliyolingana. Nyufa ziwe bluu, ndivyo unavyotaka. Madirisha yawe zambarau. Ukiona dirisha lina mstari wa bluu na wa nyekundu vikienda sambamba, limesogea, na umbali kati yao ndio kiasi lilichosogea.

---

MchoraMkomani

Nimefuta kivuli kwa brashi, nimeweka 0.8 na 0.5 kama ulivyosema. Mkanda umeondoka. Kwenye ukaguzi madirisha matatu ya karibu ni zambarau. La nne, lile la mbali, lina bluu na nyekundu sambamba, kama pikseli 6 kwenda kulia. Nyufa karibu zote ni bluu.

---

NahodhaWaPikseli

La nne linashikwa na kingo peke yake, ndiyo maana. Usipandishe uzito wa picha nzima kwa ajili yake. Ongeza mistari yake kwa mkono, ukingo wa nje na ule wa ndani, maana Canny pengine imeuchora nusu kwa vile kibao na ukuta vimepauka pamoja. Kingo za lile dirisha zikikamilika litasimama. Lisiposimama, sogeza 0.6 iwe 0.75 uone nyufa zinarudi kiasi gani.

---

KijanaWaShela

Mkifika kwenye mlango tafadhali mtupie hapa matokeo yote mawili, ya barakoa na ya Dada. Mimi kwa sasa niko upande wa Dada, wageni wangu hawahesabu maua.

---

FundiChokaa

Wageni hawahesabu, kijana. Wenye mlango wanahesabu.

---

MchoraMkomani

Kesho asubuhi, kabla jua halijaingia kichochoroni, nitapiga picha ya daka upya kwa karibu, mwanga ukiwa wa kivuli pande zote. Nitajaribu barakoa kwa mlango huo badala ya ule wa alasiri. Huenda tofauti ya mwanga anayoisema Dada ikapungua bila kugusa nakshi. Nitaweka zote hapa.